Kisu au Mionzi
Mhadhara kwa wanaume wa Kilimatinde na wake zao

Nilipoingia hapa mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Daktari, mimi somo lako halinihusu, tezi nilishatolewa mwaka juzi." Nilimwomba akae mbele, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa mahali pa kuanzia.

Hapa kwetu operesheni tatu zinabeba jina moja, "operesheni ya tezi", na kila moja ni kitu tofauti. Ya kwanza ndiyo aliyofanyiwa mzee wangu huyu. Tezi dume inapokuwa kubwa kwa umri, bila saratani, inabana njia ya mkojo. Daktari anaingia, anatoa ile nyama ya ndani iliyovimba, anaacha ganda. Ni kama mtu anayechukua chungwa, akatoa nyama yote kwa kidole, akabakiza ganda mahali pake. Hospitali nyingi za wilaya zinaifanya. Lakini saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia upande wa ganda. Kwa hiyo mtu aliyetolewa nyama ya ndani bado ana mahali ambapo saratani inaweza kuota, na mzee wangu, somo hili linakuhusu sana.

Ya pili ni kutolewa korodani. Hii hufanywa hasa saratani ikishasambaa kwenye mifupa, ili kuinyima homoni inayoilisha. Inapunguza maumivu na inaongeza muda wa kuishi, lakini haing'oi ugonjwa. Wanaume wengi wanaokimbia hospitali wanaikimbia hiyo, wakidhani kila mwenye saratani ya tezi lazima ahasiwe. Siyo kweli.

Ya tatu ndiyo ninayotaka tukae nayo leo. Ni kuondoa tezi nzima, ganda na nyama, pamoja na vifuko vya shahawa vilivyo nyuma yake, wakati saratani bado iko ndani ya tezi na haijatoka nje. Mwenzake wa kushindana naye ni mionzi. Mwenye saratani ambayo haijatoka nje mara nyingi ataulizwa achague kimoja kati ya hivyo viwili. Swali ambalo kila mwanaume analo moyoni, hata kama hatalisema mbele ya watu, ni hili: mkojo wangu utakuwaje, na kitandani nitakuwaje? Mnisamehe, leo nitayataja mambo kwa majina yake.

Kwanza tuangalie mahali penyewe. Kibofu cha mkojo kiko juu. Chini yake imekaa tezi dume, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama kamba ndani ya shanga. Mkojo unazuiwa na koki mbili. Koki ya juu iko kwenye shingo ya kibofu, pale kinapokutana na tezi. Koki ya chini iko chini ya tezi, na hiyo ndiyo unayoibana mwenyewe ukiwa kwenye basi na choo kiko mbali. Pembeni ya tezi, kushoto na kulia, zimepita kamba mbili nyembamba za mishipa ya fahamu na ya damu. Ziko upande wa nyuma, zimegandamana na ganda. Hizo ndizo zinazousimamisha uume. Hadi miaka ya 1980 wapasuaji walizikata bila hata kujua ziko wapi hasa. Daktari Patrick Walsh wa Baltimore, Marekani, alizifuatilia pamoja na mwalimu Mholanzi Pieter Donker mjini Leiden mwaka 1981, na mwaka uliofuata akafanya operesheni ya kwanza ya kuziepuka makusudi. Kabla ya hapo karibu kila mwanaume aliyefanyiwa operesheni hii alipoteza nguvu za kiume moja kwa moja.

Sasa kisu kinafanya nini? Mpasuaji anakata shingo ya kibofu juu na mrija chini, anatoa tezi, halafu anakivuta kibofu chini na kukishona kwenye kipande cha mrija kilichobaki. Mshono huo unalindwa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili. Mkiitazama picha mliyonayo kichwani, mtaona shida iko wapi. Koki ya juu imeharibika au imeondoka na tezi. Kazi yote ya kuzuia mkojo sasa imeangukia koki ya chini peke yake, nayo imetikiswa na operesheni. Siku mpira unapotolewa, wanaume wengi wanavuja. Mtu akikaa hana tatizo kubwa, lakini akisimama, akikohoa, akicheka, akiinua ndoo au jembe, mkojo unatoka. Kwa wengi hali hupungua wiki hadi wiki, na sehemu kubwa ya nafuu huja ndani ya mwaka mmoja. Kinachobaki baada ya mwaka huwa ni cha kudumu kwa kiasi kikubwa.

Upande wa kitandani, hata mpasuaji akiziacha kamba zote mbili, zimevutwa na kuchubuliwa, nazo hulala. Kuamka kwake kunaweza kuchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Ikiwa saratani imegandamana na kamba upande mmoja, hiyo lazima iende na tezi, na mgonjwa aambiwe kabla, siyo baada. Tena kuna jambo ambalo madaktari wengi husahau kulisema: baada ya operesheni hii mwanaume hatoi shahawa tena kabisa. Anaweza kufika kileleni, raha ipo, lakini hakuna kinachotoka, na hatampa mtu mimba. Kwa mzee wa miaka 65 huenda si neno. Kwa mwenye mke mdogo ambaye bado wanatarajia mtoto ni neno kubwa.

Mionzi inakwenda kwa njia nyingine. Haikati chochote. Inaharibu maelekezo yaliyo ndani ya seli, ili seli ikijaribu kugawanyika ife. Seli nzima hujikarabati vizuri zaidi kuliko za saratani, ndiyo maana dozi inagawanywa vipande vidogo vya kila siku badala ya kupigwa mara moja. Mgonjwa analala chini ya mashine dakika chache, Jumatatu hadi Ijumaa, kibofu kikiwa kimejaa kiasi na utumbo wa mwisho ukiwa mtupu, ili tezi ikae palepale kila siku. Zamani ilikuwa wiki saba na zaidi. Baada ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016, siku 20 za matibabu katika wiki nne zilikubalika kuwa zinafaa sawa. Kwa mtu anayetoka Kilimatinde tofauti hiyo ni ya nauli, ya malazi na ya shamba kubaki bila mwenyewe.

Mionzi haivujishi mkojo kwa wengi. Koki zote mbili zinabaki. Lakini inachoma kwa ndani. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mkojo unawaka, unakuja mara kwa mara, unakuja kwa haraka, na usiku mtu anaamka tena na tena. Kwa aliyekuwa na tezi kubwa na mkojo unaotoka kwa shida, uvimbe wa mionzi unaweza kuuziba kabisa akahitaji mpira. Mara nyingi hayo hutulia miezi michache baada ya matibabu. Mengine huja yamechelewa: damu kwenye mkojo au kwenye choo kikubwa, mwaka mmoja, mitatu, hata zaidi baadaye, kwa sababu mishipa midogo ya damu kwenye kibofu na puru imekonda na kuwa dhaifu.

Hapo nisimame kidogo, maana ndipo wagonjwa wetu wanapopotea. Mzee akikojoa damu kijijini, kila mtu anasema ni kichocho, anapewa dawa ya kichocho, na akirudi na damu anapewa tena. Aliyewahi kupigwa mionzi ya tezi aseme hivyo kwa kila mganga anayemwona, hata kama imepita miaka sita. Na akitokwa na damu kwenye choo kikubwa, anayemchunguza asikate kinyama kwenye ukuta wa mbele wa puru bila sababu nzito. Ngozi iliyopigwa mionzi haiponi vizuri, na kidonda kidogo kinaweza kugeuka tundu kati ya puru na njia ya mkojo. Andikeni kwenye karatasi, ikae pamoja na kadi ya bima.

Upande wa kitandani, mionzi huanza kwa upole, kisha madhara yake huja polepole. Mwezi wa kwanza mtu anasema, "Mbona niko sawa?" Lakini mishipa ya damu inaendelea kukonda kwa miaka. Mara nyingi mionzi huambatana na sindano za kuzima homoni za kiume kwa miezi kadhaa, na sindano hizo zina madhara yake: hamu inakufa, mwili unapandwa na joto ghafla, misuli inalegea. Mengi ya hayo hurudi zikishaachwa, ingawa kwa wazee hurudi taratibu, na kwa baadhi hayarudi yote.

Wazee wa hapa mnaujua ukingo wa Bonde la Ufa, jinsi nchi inavyokatika ghafla kuelekea mabwawa ya Bahi. Kisu ni kama kuruka kwenye ukingo ule: unafika chini siku moja, halafu unapanda kidogo kidogo, na wengine hawapandi kitu. Mionzi ni kama kushuka kwa njia ya ng'ombe inayozunguka. Huoni unashuka, lakini ukigeuka baada ya miaka kumi unaona ulikotoka ni juu.

Msinisikilize mimi tu. Uingereza walifanya majaribio yanayoitwa ProtecT. Wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje, wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa kwa bahati nasibu, theluthi kisu, theluthi mionzi pamoja na sindano za kuzima homoni za miezi michache, theluthi kuchunguzwa tu bila kutibiwa mpaka vipimo vibadilike. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani yenyewe walikuwa karibu 3 kati ya kila 100, na tofauti kati ya kisu na mionzi ilikuwa ndogo mno kuweza kusema mmoja ni bora. Waliochunguzwa tu walipata saratani iliyosambaa mara mbili zaidi, 9 kati ya 100 dhidi ya 5, ingawa vifo vyao havikuzidi kwa kiasi cha kuhesabika.

Madhara ndiyo yaliyowatofautisha. Miezi sita baada ya matibabu, 46 kati ya 100 waliopasuliwa walikuwa wanavaa pedi kwa sababu ya kuvuja, na waliopigwa mionzi ni 5. Miaka 12 baadaye waliopasuliwa walikuwa 24, wa mionzi 8. Lakini angalieni upande mwingine: kuamka usiku kukojoa mara mbili au zaidi kuliwasumbua 48 wa mionzi na 34 tu wa kisu. Kuvuja kwa choo kikubwa kulikuwa 12 kwa mionzi, 6 kwa kisu. Na kitandani? Kabla ya matibabu 67 kati ya 100 walikuwa na uume unaosimama vya kutosha. Baada ya miezi sita walibaki 12 waliopasuliwa na 22 waliopigwa mionzi. Baada ya miaka saba ilikuwa 18 na 27. Kufikia mwaka wa 12 wote walikuwa wamefika sehemu moja, pamoja na wale walioanza kwa kuchunguzwa tu. Umri haukumsubiri mtu.

Nina onyo juu ya hesabu hizo. Wengi wa wanaume wale walikutwa na ugonjwa mdogo kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA, kabla ya dalili yoyote, na weusi walikuwa takriban mmoja kati ya 100. Kwetu watu wanakuja na PSA ya mamia na maumivu ya mgongo. Hayo ya vifo kuwa sawa, nayakubali kwa ugonjwa mdogo. Hayo ya madhara nayakubali zaidi, kwa sababu koki na mishipa ya fahamu imekaa palepale kwa Mwingereza na kwa Mgogo.

Sasa nimewatungia mtu. Tuseme anatoka Saranda, ana miaka 63, mkulima wa mtama na ufuta. Amekuwa akiamka usiku mara nne, mkojo unatoka kwa kusukuma. Kipimo cha PSA ni 11. Daktari amepitisha kidole akagusa kijiwe kigumu upande wa kulia. Vinyama 12 vimekatwa, vinne vina saratani, alama ya ukali wa saratani, iitwayo Gleason, ni 3 na 4, jumla 7. Picha za mifupa ni safi. Ultrasaundi inasema tezi ina mililita 70, wakati ya kijana huwa karibu 20. Sukari hana, moyo mzima. Mara nyingi bado anaweza kukutana na mkewe.

Ugonjwa wake ni wa kati. Kumchunguza tu si chaguo zuri kwake. Je, kisu au mionzi?

Kwa mtu huyu mimi naegemea kisu, na sababu yangu kubwa ni ule mkojo wa kusukuma. Tezi ya mililita 70 inayobana ni mahali pabaya pa kuanzia mionzi. Angeweza kudungwa sindano za kuzima homoni miezi mitatu ili ipungue kwanza, na wengi hupunguza kama theluthi, lakini bado angekuwa kwenye hatari ya kuziba. Na kama angefanyiwa operesheni ya kukwangua njia ya mkojo baada ya mionzi, hatari ya kuvuja ingepanda sana, yaani angepata shida za pande zote mbili. Kisu kinamwondolea saratani na kizuizi kwa pamoja. Tena baada ya kisu PSA inapaswa kuwa karibu sifuri ndani ya wiki chache. Ikipanda tena kufikia 0.2, tunajua kuna kilichobaki, na mionzi bado iko akiba. Ukianza na mionzi ukashindwa, kupasua baadaye ni kazi ngumu, tishu zimeshikamana, na kuvuja huwa kwingi zaidi.

Bei yake anaijua. Kijiwe kiko kulia, kwa hiyo kamba ya kulia huenda ikaondoka. Nguvu zake zitategemea kamba ya kushoto. Vidonge vya sildenafili husaidia kama kamba moja imebaki hai. Kama zote mbili zimekatwa, havina cha kuamsha. Na asivinunue dukani kimya kimya ikiwa anatumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, kwa sababu vikikutana presha huporomoka na mtu anaweza kufa.

Kuhusu kuvuja, kuna kazi ya kufanya kabla ya kisu. Kaza misuli ile unayoikaza ukizuia upepo usitoke mbele ya wakwe. Hesabu hadi 10, legeza, rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni, bila kubana tumbo wala matako. Aanze wiki nne kabla. Wengi huanza baada, wakiwa wameshalowa, na hawajui hata msuli wenyewe uko wapi.

Sasa nibadilishe mambo matatu tu. Mtu yuleyule, lakini ana miaka 71 na aliwahi kupata shtuko la moyo, na mkojo wake unatoka vizuri. Hapo ninageuka, ninampeleka kwenye mionzi bila kusita. Kisu kingemweka kwenye hatari ya usingizi wa dawa na ya damu kupotea, na kumvujisha katika umri ambao koki hupona polepole. Nelson Mandela alipogunduliwa mwaka 2001 akiwa na miaka 83, alipigwa mionzi wiki saba, akaishi hadi 2013. Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alipasuliwa Desemba 2023 akiwa na miaka 70, na siku chache baadaye akarudishwa hospitalini kwa matatizo yaliyofuata operesheni. Hakuna kati yao aliyekosea. Walikuwa na miili tofauti.

Mtu akiniuliza wapi, mionzi kwa miaka mingi ilikuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road tu, kisha ikafika Bugando, Mwanza. Operesheni hii ya tatu hufanywa na mabingwa wa njia ya mkojo kwenye hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili na KCMC. Usikubali ifanywe na mtu anayeifanya mara moja kwa mwaka. Muulize ameifanya mara ngapi. Si utovu wa adabu. Kuhusu kupasuliwa kwa roboti msitetereke: huko Brisbane, Australia, walilinganisha kisu cha kawaida na cha roboti, na baada ya miaka miwili kuvuja na nguvu za kiume zilikuwa sawa. Mkono wenye uzoefu ndio unaohesabika.

Nilipomaliza, mama mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. Hakuuliza juu ya miaka 15. Aliuliza, "Hizo pedi, daktari, za wanaume zinapatikana wapi, na maji ya kufulia yatatoka wapi kiangazi?" Nilimjibu hivi. Wanaume wengi hapa wanatumia za wanawake, kwa kuwa ndizo zilizopo madukani. Wakati wa kiangazi ni afadhali hizo kuliko za kufua, maana kitambaa chenye mkojo kisipokaushwa vizuri kinachubua. Anayevuja kidogo pedi mbili zinamtosha kwa siku. Anayejaza zaidi ya nne kila siku baada ya mwaka mzima wa mazoezi asikae nyumbani akijificha, arudi kwa aliyempasua, kwa sababu kuna operesheni za kusaidia koki iliyochoka. Tena nikamwambia ajue kwamba mpira wa mkojo utakuja nyumbani na mumewe. Mfuko uning'inie chini ya kitanda, usiwekwe juu yake, na mpira usivutwe wala usitolewe na mtu yeyote kabla ya siku iliyoandikwa, hata kama mzee anasema umemchosha, kwa sababu ndio unaoushikilia ule mshono. Ukiacha kutoa mkojo kwa saa mbili na tumbo la chini likajaa, hiyo siyo ya kusubiri kesho. Ni usiku huohuo, hospitali.